Shehena Imefika Salama, Mbona Nadaiwa? Mwongozo wa Hasara ya Pamoja Katika Safari za Bahari

Mwenye shehena anapokea ujumbe kutoka kwa wakala wa meli. Meli ilipata moto safarini, moto umezimwa, na kontena lake halikuguswa wala na moshi. Hata hivyo halitatolewa bandarini mpaka atie saini hati ya kuahidi mchango na kuweka dhamana au fedha taslimu. Wengi hudhani wanatapeliwa. Kwa kweli wanakutana na mojawapo ya sheria kongwe kabisa za biashara ya baharini, ile ambayo Warumi waliichukua kutoka kisiwa cha Rodo na kuiandika katika mkusanyo wa sheria wa Mfalme Justiniano mwaka 533: mali ikitoswa baharini ili kuipunguzia meli uzito, kilichotolewa kwa ajili ya wote hulipwa kwa mchango wa wote.

Sheria hiyo ndiyo hasara ya pamoja, ambayo baadhi ya watu wa meli huiita jenero avareji. Mwongozo huu unamfuata mpokeaji wa shehena tangu siku anapopata taarifa hadi siku hesabu inapofungwa. Kwa kuwa moto ndio unaoleta maswali magumu zaidi kuhusu kipi kinafidiwa na kipi hakifidiwi, mfano wote utakuwa wa meli iliyowaka.

Hatua ya kwanza: jua kama kilichotokea ni hasara ya pamoja

Taarifa ya mwenye meli kwamba ametangaza hasara ya pamoja haitoshi kukufanya mdaiwa. Inaanzisha tu utaratibu wa kukusanya dhamana na kufanya hesabu. Kinachokufanya udaiwe ni tukio lenyewe, na tukio hilo hupimwa kwa Kanuni za York-Antwerp, yaani kanuni za kimataifa za hasara ya pamoja, ambazo karibu kila hati ya shehena inazitaja katika masharti yaliyochapishwa nyuma kwa maandishi madogo. Tafuta kifungu hicho na uangalie kinataja toleo la mwaka gani, kwa sababu zipo za 1974, 1994, 2004 na 2016, nazo hazifanani katika riba, kamisheni na muda wa kudai.

Katika matoleo yote hayo msingi ni mmoja. Lazima iwepo hatari ya kweli inayoikabili meli pamoja na shehena. Lazima kitu kitolewe mhanga, au gharama isiyo ya kawaida iingiwe, kwa makusudi na kwa busara, ili kuviokoa vyote viwili. Nahodha anayeamuru maji yaingizwe katika falka, yaani chumba cha shehena, inayowaka ametoa mhanga shehena iliyomo humo, kwa kuwa anajua maji yataiharibu na bado anayaingiza ili meli isiteketee. Moto wenyewe, kwa upande mwingine, haukuamriwa na mtu yeyote. Kilichoungua ni hasara ya mwenyewe, na hakuna wa kumchangia isipokuwa bima yake.

Kanuni zimeuchora mpaka huo waziwazi. Uharibifu unaoletwa na maji au njia nyingine ya kuzima moto huingia katika hasara ya pamoja, ilhali uharibifu wa moshi au wa joto la moto hauingii, hata kama moshi huo ulizidi kwa sababu milango ya falka ilifungwa ili moto ukose hewa. Watu wawili waliopanga bidhaa zao bega kwa bega katika falka moja wanaweza kutoka na haki tofauti kabisa, mmoja kwa kuwa bidhaa zake zilinyeshewa na mwingine kwa kuwa zake zilinuka moshi.

Hasara ya kuchelewa pia haifidiwi. Ukikosa msimu wa mauzo, ukatozwa faini na mnunuzi wako, au bei ikashuka wakati meli iko kwenye bandari ya dharura, hayo yote yanabaki kwako. Katika matukio mengi hasara hiyo ndiyo inayouma zaidi, na ndiyo ambayo watu huijaza katika madai yao bila mafanikio.

Hatua ya pili: mpigie simu mtoa bima kabla ya kutia saini chochote

Kama shehena ina bima ya baharini, sehemu kubwa ya mzigo wa jambo hili huhamia kwa mtoa bima. Vifungu vya kawaida vya bima ya shehena vinajulikana kwa herufi A, B na C, A ikiwa pana na C ikiwa finyu, lakini vyote vitatu vinalipia mchango wa hasara ya pamoja na malipo ya waokoaji. Kwa hiyo hata mtu aliyenunua bima ya bei ndogo kabisa, ambayo isingemlipa kitu kama kontena lingeibiwa, anayo kinga hapa.

Mpe mtoa bima nakala ya taarifa ya meli, hati ya shehena na ankara. Kisha omba atoe barua ya dhamana kwa mkokotoaji wa hasara, yaani yule mtaalamu aliyeteuliwa na mwenye meli kukusanya thamani zote na kugawa mchango. Barua hiyo ikikubaliwa, hutahitaji kutoa fedha taslimu.

Hapa kuna mtego mmoja. Kama shehena iliwekewa bima kwa thamani iliyo chini ya thamani inayotumika kuchangia, mtoa bima hulipa kwa uwiano tu. Bidhaa za dola 60,000 zilizokatiwa bima ya dola 45,000 zitalipiwa robo tatu ya mchango, na robo iliyobaki itatoka mfukoni mwa mwenyewe. Ndiyo maana wafanyabiashara wazoefu hukata bima kwa bei ya bidhaa, nauli na bima pamoja na asilimia 10 juu yake. Nyongeza hiyo inaonekana kama anasa mpaka siku bei ya bidhaa inapopanda kati ya kupakia na kushusha.

Asiyekuwa na bima hana budi kushughulika yeye mwenyewe na mkokotoaji. Kisheria bado yuko katika hali ileile, ila ataweka fedha.

Hatua ya tatu: andaa dhamana ili shehena itoke

Mwenye meli anayo haki ya kuishikilia shehena mpaka apewe dhamana ya mchango wake. Haki hiyo ina nguvu maadamu shehena iko mikononi mwake au mwa wakala wake, na ikishatoka bandarini inamponyoka. Ndiyo maana madai hufanywa mapema hivyo, hesabu kamili ikiwa bado miaka kadhaa mbele. Kubishana na wakala bandarini kuhusu nani mwenye kosa la moto hakusaidii, kwani wakala hana mamlaka ya kutoa kontena bila dhamana, na gharama za kuhifadhi zinaendelea kuhesabika kila siku.

Kwa kawaida huombwa vitu vitatu. Cha kwanza ni hati ya ahadi ya kuchangia, inayotiwa saini na mpokeaji wa shehena mwenyewe, ambaye anaahidi kulipa sehemu yake halali itakayothibitika baada ya hesabu. Soma maneno hayo kwa makini. Kama hati inasema utalipa kile kitakachothibitika kuwa unadaiwa kihalali, hujajifunga kukubali kwamba meli haina kosa, na utetezi wako uko palepale. Kama inakutaka ulipe kiasi chochote kitakachotajwa na mkokotoaji bila kupinga, irudishe na uombe irekebishwe.

Cha pili ni fomu ya thamani pamoja na nakala ya ankara. Usishawishike kuandika thamani ndogo ili upunguze mchango. Kanuni zinaadhibu ujanja huo pande zote mbili: bidhaa zilizotajwa kwa thamani ya chini zikitolewa mhanga hulipwa kwa ile thamani ndogo iliyotajwa, lakini zikifika salama huchangia kwa thamani yake ya kweli. Bidhaa zilizopakiwa bila kutajwa, au zilizotajwa kwa jina la uongo kwa makusudi, hazifidiwi kabisa, ingawa zikiokoka zinachangia.

Cha tatu ni dhamana yenyewe, ama barua ya mtoa bima ama amana ya fedha. Kiasi cha amana huwekwa na mkokotoaji kama asilimia ya thamani, na kwa makusudi huwekwa juu kidogo ya anachokadiria, maana hakuna atakayemwamini tena mwenye shehena aliyekwisha kuchukua mzigo. Ukitoa fedha, dai stakabadhi ya amana ya asili na uihifadhi kama hati ya nyumba, kwa sababu marudisho ya ziada hulipwa kwa kuirejesha stakabadhi hiyo, na hayo yatakuja wakati ambapo karani aliyeipokea huenda amekwisha kuhama.

Kama waokoaji walihusika, tarajia madai mawili tofauti. Waokoaji wana haki yao wenyewe dhidi ya meli na shehena, nao hudai dhamana yao kando na ile ya hasara ya pamoja. Meli ya kontena iitwayo Maersk Honam iliwaka katika Bahari ya Arabuni tarehe 6 Machi 2018, na mabaharia watano wakapoteza maisha. Wenye shehena walitakiwa kuweka dhamana ya asilimia 42.5 ya thamani kwa ajili ya uokoaji na asilimia 11.5 kwa ajili ya hasara ya pamoja, ambazo jumla yake ni asilimia 54. Aliyekuwa na bidhaa za dola 100,000 bila bima alihitaji dola 54,000 taslimu ili aone kontena lake. Si kila tukio hufika huko, lakini takwimu hiyo inatosha kuonyesha kwamba kukosa bima kunaweza kumfanya mtu aache bidhaa zilizo salama kabisa bandarini kwa kushindwa kuzikomboa.

Wala haihitajiki meli iwake au izame. Ever Given ilipokwama katika Mfereji wa Suez tarehe 23 Machi 2021 ikiwa na takribani kontena 18,000, hakuna shehena iliyotoswa. Hata hivyo mwenye meli alitangaza hasara ya pamoja, kwa kuwa gharama za kuinasua nazo ni gharama zisizo za kawaida zilizoingiwa kwa ajili ya wote. Hebu fikiria kazi ya kukusanya ahadi za wenye shehena wote hao, wengine wakiwa na kontena zima na wengine maboksi machache ndani ya kontena la kuchangia. Toleo la mwaka 2016 limempa mkokotoaji ruhusa ya kuiacha nje shehena ya thamani ndogo pale gharama ya kuijumuisha inapozidi faida. Mwenye maboksi machache anaweza kuuliza kama ruhusa hiyo inamhusu.

Hatua ya nne: kagua bidhaa siku ya kuzipokea, na utenganishe maji na moto

Kwa mtu ambaye bidhaa zake zimeharibika, hatua hii ndiyo inayoamua kama atapata fidia au atabaki na hadithi. Kwa wengine ambao shehena yao ni nzima inaweza kurukwa, isipokuwa wapige picha za kufuli ya kontena na hali ya ndani kabla ya kuanza kushusha.

Aliyepata uharibifu aombe mkaguzi wa hasara, na amwalike mwakilishi wa meli ili ukaguzi uwe wa pamoja. Mkaguzi aelezwe mapema kwamba ripoti isiyotofautisha sababu haitafaa. Sentensi kama "bidhaa zimeharibiwa na moto na maji" inamwachia mkokotoaji mwanya wa kukataa yote, kwa kuwa anayedai fidia ndiye mwenye wajibu wa kuthibitisha kwamba hasara yake inatokana na mhanga.

Tuchukue marobota ya kitambaa cha pamba. Robota lililoungua lina kingo nyeusi zinazovunjika zikiguswa. Lililopigwa na joto au moshi limebadilika rangi kuwa ya manjano au kahawia, na harufu imeingia hadi katikati, lakini ni kavu. Lililoharibiwa na maji lina mistari ya maji kwenye kifungio, ukungu umeanza ndani, uzito umeongezeka, na hakuna alama ya joto. Yapo pia yale yenye dalili zote mbili, yaliyoanza kuungua kisha yakamwagiwa maji. Kwa haya mkaguzi hana budi kukadiria robota lingekuwa na thamani gani baada ya joto kabla ya maji, kwani kinachofidiwa ni ile tu iliyopotea kwa maji. Panga marobota katika mafungu hayo manne, yahesabu, na kila fungu lipigwe picha na kuorodheshwa kwa namba zake. Maji yapimwe pia kama ni ya chumvi. Maji ya bahari yaliyopigwa na pampu za zimamoto huacha chumvi, na kama maji ni matamu huenda ni mvua iliyoingia kwa tundu la kontena, jambo ambalo halina uhusiano na mhanga wowote.

Usitupe kitu. Bidhaa zilizolowa ziuzwe kwa bei bora inayopatikana, na mkaguzi ashuhudie mauzo, maana fidia huhesabiwa kwa kutoa mapato halisi ya mauzo kutoka katika thamani ya bidhaa zikiwa nzima. Mauzo ya kisirisiri kwa bei ya kutupa humfanya mkokotoaji aweke bei yake mwenyewe.

Hatua ya tano: elewa hesabu kabla haijakufikia

Hesabu ya hasara ya pamoja inatisha kwa unene wa kitabu chake, ambacho kwa meli kubwa huwa na mamia ya kurasa, lakini kiini chake ni mgawanyo mmoja tu. Tuchukue meli ya kubuni yenye moto katika falka moja. Nahodha alijaza maji falka hiyo, tagi zikaivuta meli hadi bandari ya dharura, na huko shehena ikashushwa ili moto wa chini umalizwe, kisha ikapakiwa tena.

Upande mmoja wa hesabu ni hasara inayogawanywa. Kulikuwa na vitambaa vyenye thamani ya dola 400,000 vilivyolowa, vikauzwa kwa dola 50,000, kwa hiyo mhanga wake ni dola 350,000. Tagi zilidai dola 180,000. Gharama za bandari ya dharura, pamoja na kushusha, kupakia na mishahara ya mabaharia kwa siku za nyongeza, zilikuwa dola 70,000. Jumla ni dola 600,000. Shehena nyingine ya dola 250,000 iliteketea kabisa kwa moto, nayo haionekani upande huu, kwa sababu haikutolewa mhanga.

Upande wa pili ni thamani zilizookolewa, zikipimwa mwisho wa safari. Meli ilikuwa na thamani ya dola 6,000,000. Shehena zilizofika salama zilikuwa na thamani ya dola 3,600,000. Kisha inaongezwa ile shehena iliyolowa, si kwa dola 50,000 zake za mauzo peke yake, bali pamoja na dola 350,000 atakazofidiwa mwenyewe, jumla dola 400,000. Shehena iliyoteketea haichangii, kwa kuwa hakuna kilichookoka. Jumla yote ni dola 10,000,000, na 600,000 ikigawanywa kwa 10,000,000 inatoa asilimia 6.

Wasomaji wengi hukwama kwenye kile kipengele cha shehena iliyolowa. Kwa nini aliyepoteza achangie tena? Fuata hesabu yake. Anadai dola 350,000 na anadaiwa asilimia 6 ya 400,000, yaani dola 24,000, hivyo anapokea dola 326,000. Ukiongeza 50,000 za mauzo ana dola 376,000, ambazo ni asilimia 94 hasa ya mali yake. Jirani yake ambaye kontena lake lilifika bila doa amelipa asilimia 6 naye amebaki na asilimia 94. Kama aliyepoteza asingechangia, angefidiwa kikamilifu wakati wengine wote wamepunjwa, na mhanga wake ungekuwa umemfanya aliye bora kuliko wote melini.

Mwenye meli naye yumo katika kundi hilohilo. Alilipa kwanza dola 250,000 za tagi na bandari, na mchango wake ni dola 360,000, hivyo anatoa dola 110,000 zaidi. Wenye shehena salama wanatoa dola 216,000. Ziunganishe na utapata dola 326,000, ambazo zinakwenda zote kwa mwenye vitambaa.

Mpokeaji wetu wa mwanzo, mwenye kontena moja la dola 60,000 lisiloguswa, anadaiwa dola 3,600. Kama alikuwa ametozwa amana ya asilimia 10, yaani dola 6,000, atarudishiwa dola 2,400. Katika hesabu halisi kutakuwa pia na riba na ada ya mkokotoaji, ila mwendo ni huohuo.

Hatua ya sita: wasilisha vielelezo, kisha ukague hesabu kwa jicho la mdaiwa

Kanuni zinatoa miezi 12 tangu safari ya pamoja ilipokwisha kuwasilisha thamani na madai ya fidia. Ukipitisha muda huo, mkokotoaji anaruhusiwa kukadiria kwa taarifa alizonazo, na makadirio ya mtu asiye na ankara yako hayatakuwa kwa faida yako. Peleka ankara, hati ya shehena, orodha ya vifungashio, ripoti ya mkaguzi na hati za mauzo kwa barua moja, na uhifadhi uthibitisho wa kuipokea.

Hesabu ikitoka, usianze na ukurasa wa mwisho wenye jina lako. Anza na orodha ya gharama za meli. Tafuta matengenezo ya kudumu yaliyoingizwa kama ya dharura, mishahara ya siku ambazo meli ilikuwa imekwisha kuwa tayari kusafiri, na gharama ambazo meli ingezilipa hata kama moto usingetokea. Kisha angalia thamani ya meli, kwa kuwa meli ikithaminiwa chini, asilimia ya kila mwenye shehena hupanda. Katika mfano wetu, kama meli ingeandikwa dola 5,000,000 badala ya 6,000,000, kiwango kingefika karibu asilimia 6.7, na wenye shehena wangeibeba tofauti hiyo bila kujua. Mwisho ndipo uangalie thamani yako na namna bidhaa zako zilivyoharibika, kama zilipata hasara ya kawaida kabla ya kufika, kwa kuwa unachangia kwa thamani halisi ya mwisho wa safari, si ya siku ya kupakia.

Hatua ya saba: amua kama una sababu ya kukataa

Kosa la mwenye meli halifuti hasara ya pamoja. Hesabu itafanywa kana kwamba hakuna aliyekosea, lakini kila anayedaiwa anabaki na utetezi wake dhidi ya aliyekosea. Ugumu ni kwamba si kila kosa linahesabika. Katika hati nyingi za shehena, zinazofuata Kanuni za Hague au Hague-Visby, mwenye meli hawajibiki kwa makosa ya nahodha katika kuiendesha meli. Anawajibika kama hakufanya bidii ya kutosha kuifanya meli ifae kwa safari kabla ya kuondoka.

Mstari kati ya hayo mawili ulipimwa katika kesi ya CMA CGM Libra, meli ya kontena iliyopwelea ikitoka bandari ya Xiamen mwaka 2011. Mpango wa safari na ramani ya meli havikuonyesha onyo kwamba nje ya mkondo uliowekewa alama kina kilikuwa kidogo kuliko kilivyochorwa. Mwenye meli alidai hilo ni kosa la uongozaji tu. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba mpango wa safari wenye kasoro uliifanya meli isifae kwa safari tangu mwanzo, na wenye shehena waliokuwa wamegoma kulipa hawakulazimika kuchangia. Waliokuwa wamekwisha kulipa hawakuwa sehemu ya kesi hiyo.

Kwa tukio la moto maswali yanayofanana nayo ni machache na ya wazi. Je, mitambo ya gesi ya kuzimia moto ilikuwa inafanya kazi siku ya kuondoka? Milango ya falka ilifungika? Chanzo kilikuwa hitilafu ya umeme iliyoripotiwa zamani bila kutengenezwa, au kontena la mtu aliyeficha kemikali chini ya jina la bidhaa nyingine? Jibu la mwisho linamwelekeza mdaiwa kwa mwenye kontena hilo, wala si kwa meli. Vielelezo vya mambo haya hupatikana kwa wakili na mkaguzi wanaotumwa melini ndani ya siku chache, na ndiyo sababu watoa bima wakubwa huwatuma kabla hata meli haijafika bandari ya dharura. Aliye peke yake, bila bima na akiwa na kontena moja, mara nyingi atagundua kwamba gharama ya kupambana ni kubwa kuliko mchango, na njia yake nafuu ni kuuliza kama kuna kundi la wenye shehena linalojitetea kwa pamoja alijiunge nalo.

Muda wa kudai nao uangaliwe. Kwa matoleo ya 2004 na 2016, haki ya kudai mchango hufa mwaka mmoja baada ya hesabu kutolewa, na kwa vyovyote miaka sita baada ya safari kwisha. Chini ya matoleo ya zamani, sheria ya nchi inayotawala mkataba ndiyo inayoamua. Weka tarehe hizo mbili kwenye faili pamoja na stakabadhi ya amana, na kama mwaka wa tano umefika bila hesabu wala barua, mwandikie mkokotoaji kumuuliza hesabu imefika wapi na amana yako iko katika akaunti gani.